Wangapi ni Maskini, na Umaskini Wao Una Kina Gani?

Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa kozi ya maendeleo waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo, na kuchapishwa hapa kwa manufaa ya watendaji wa kata na vijiji

Mkoa wa Kagera umo miongoni mwa sehemu za Afrika ambazo maisha ya kaya zake yamefuatiliwa kwa muda mrefu na kwa makini. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitembelea kaya zaidi ya 900 katika wilaya za mkoa huu, zikiwamo za Bukoba na Muleba, na kuandika zilichokula, zilichonunua na zilichovuna. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale, hata waliokwisha kuhama, na mwaka 2010 wakarudi tena. Kwa hiyo swali la mada hii si geni katika vibanja vya mkoa huu: mtu anatokaje kwenye daftari lenye mikungu ya ndizi, vipimo vya dagaa na vipande vya sabuni, hadi kwenye sentensi moja isemayo kwamba asilimia kadhaa ya watu ni maskini?

Jibu lina vipimo viwili. Cha kwanza ni uwiano wa maskini, yaani sehemu ya watu ambao matumizi yao yako chini ya mstari wa umaskini. Cha pili ni pengo la umaskini, linaloonesha watu hao wako chini ya mstari kwa umbali gani. Kipimo cha kwanza ndicho husomwa redioni na kuandikwa katika mipango. Cha pili husomwa na wachache, ingawa mara nyingi ndicho chenye habari ambayo kata inaihitaji zaidi.

Mstari unatoka wapi

Kwa Tanzania Bara, mstari unaotumika katika mada hii ni ule wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017-18 uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mistari iko miwili. Mstari wa chakula ni shilingi 33,748 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na mstari wa mahitaji ya msingi ni shilingi 49,320. Ule wa chakula ni gharama ya kapu la vyakula ambavyo kaya za kipato cha chini huvila kwa kawaida, kwa kiasi kinachompatia mtu mzima kilokalori 2,200 kwa siku. Ule wa mahitaji ya msingi huongeza juu ya chakula mavazi, sabuni, nishati, usafiri na mengineyo.

Kwa mstari wa mahitaji ya msingi, utafiti huo ulionesha kuwa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa maskini, na pengo la umaskini lilikuwa asilimia 6.2. Namba hizi mbili zitaeleweka vizuri baada ya kufuata hesabu ya kaya moja kuanzia mwanzo.

Kaya moja ya Muleba

Chukulia kaya ya kubuni katika nyanda za juu za Muleba, yenye kibanja cha migomba na kahawa. Inao watu sita: bibi wa miaka 62, mwanawe wa kiume wa miaka 35, mke wake wa miaka 30, binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 7 na mtoto wa miaka 2. Bei zote katika mfano huu zimebuniwa, ila zimewekwa zilingane na wakati wa mstari uliotajwa.

Mdadisi anaiachia kaya shajara ya siku 14. Katika siku hizo kaya inanunua dagaa, mafuta ya kupikia, chumvi, sukari na unga kwa shilingi 26,600. Inakata kibanjani mikungu 5 ya ndizi na kuipika yote. Inakula pia kilo 5 za maharage ya shamba lake.

Hapa ndipo kosa kubwa la kwanza hutokea. Mdadisi akiuliza tu, "Mmetumia fedha kiasi gani?", ndizi na maharage hayaingii kamwe, kwa sababu hakuna aliyetoa shilingi kuyapata. Lakini kinachopimwa ni matumizi, wala si fedha taslimu. Chakula kilicholiwa ni matumizi, kiwe kimetoka dukani, kibanjani au kwa jirani aliyekitoa kama zawadi. Kwa hiyo ndizi hupewa thamani kwa bei ya soko la jirani. Mkungu ukiuzwa shilingi 6,000, mikungu 5 ni shilingi 30,000. Maharage yakiuzwa shilingi 2,000 kwa kilo, kilo 5 ni shilingi 10,000.

Upande wa pili wa kanuni hiyo hiyo ni kahawa. Kahawa iliyouzwa kwenye chama cha ushirika haiingizwi katika matumizi, kwa kuwa ni mapato. Itaingia baadaye, pale fedha yake itakapogeuka kuwa sukari, daftari za shule au nauli ya bodaboda. Anayejumlisha mauzo ya kahawa pamoja na vitu vilivyonunuliwa kwa fedha hiyo amehesabu kitu kimoja mara mbili.

Kwa kuwa shajara ni ya siku 14, kila kiasi cha chakula kinazidishwa kwa 2 ili kupata siku 28, ambazo ndizo mwezi katika mfano huu. Chakula kilichonunuliwa kinakuwa shilingi 53,200, ndizi shilingi 60,000 na maharage shilingi 20,000. Mahitaji yasiyo ya chakula, yaani sabuni, mwanga, nauli, mahitaji ya shule na sehemu ya mwezi ya mavazi yaliyonunuliwa ndani ya mwaka, yanafika shilingi 65,680. Jumla ya kaya ni shilingi 198,880.

Jumla hiyo haiwezi kulinganishwa na mstari bila kugawanywa kwa wanakaya. Lakini mstari umewekwa kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 2 hali chakula sawa na baba yake. Kwa hiyo kila mwanakaya hupewa uzito kwa umri na jinsi yake. Katika kipimo kinachotumika Tanzania, mwanamume wa miaka 19 hadi 59 ni 1.00, mwanamke wa umri huo ni 0.88, mwanamke wa miaka 60 na zaidi ni 0.72, msichana wa miaka 11 ni 0.88, mtoto wa miaka 7 ni 0.64, na mtoto wa miaka 2 ni 0.40. Kaya hii ya watu sita ina uzito wa watu wazima 4.52.

Shilingi 198,880 zikigawanywa kwa 4.52 ni shilingi 44,000 kwa mtu mzima. Hicho ndicho kiasi cha kulinganishwa na 49,320. Kaya iko chini ya mstari, na watu wake wote sita wanahesabiwa kuwa maskini. Upungufu ni shilingi 5,320 kwa mtu mzima, ambao ukigawanywa kwa mstari ni 0.108. Kwa maneno mengine, kaya hii imepungukiwa takriban asilimia 11 ya kile inachohitaji.

Makosa mawili yanaweza kupimwa hapa hapa. Mdadisi aliyesahau ndizi na maharage angeandika shilingi 118,880 kwa kaya, sawa na shilingi 26,301 kwa mtu mzima, na kaya yenye migomba inayoilisha ingeonekana iko chini hata ya mstari wa chakula. Naye aliyegawanya kwa watu sita badala ya 4.52 angepata shilingi 33,147, na kosa lake lingefanana na la mwenzake. Dalili ya makosa ya namna hii ni rahisi kuiona: ikiwa kaya za wakulima wa migomba zote zinatoka chini ya mstari wa chakula na ilhali wanakaya hawana dalili za njaa, aulizwe kwanza mdadisi kabla ya kuandikwa taarifa ya maafa.

Vitongoji viwili vyenye uwiano mmoja

Sasa iongezwe kaya hiyo katika kitongoji cha mfano chenye kaya tano, kilicho mlimani. Namba ya kwanza ni idadi ya watu katika kaya, na ya pili ni matumizi ya mtu mzima kwa mwezi.

- Kaya A: watu 6, shilingi 44,000
- Kaya B: watu 7, shilingi 46,000
- Kaya C: watu 5, shilingi 52,000
- Kaya D: watu 4, shilingi 61,000
- Kaya E: watu 4, shilingi 85,000

Kaya zilizo chini ya mstari ni A na B, yaani 2 kati ya 5, sawa na asilimia 40 ya kaya. Lakini uwiano wa maskini huhesabu watu. Kitongoji kina watu 26, na walio katika kaya A na B ni 13. Uwiano ni asilimia 50. Tofauti hii kati ya 40 na 50 hujitokeza mara nyingi vijijini, kwa kuwa kaya zenye watu wengi ndizo kwa kawaida huwa na matumizi madogo kwa kila mtu. Taarifa isemayo "asilimia 40" bila kueleza kama ni ya kaya au ya watu haijakamilika.

Kitongoji cha pili kiko kando ya ziwa, na wakazi wake ni wavuvi na vibarua wa mwaloni.

- Kaya F: watu 8, shilingi 27,000
- Kaya G: watu 5, shilingi 35,000
- Kaya H: watu 6, shilingi 50,000
- Kaya I: watu 4, shilingi 64,000
- Kaya J: watu 3, shilingi 98,000

Hapa pia watu ni 26 na maskini ni 13. Uwiano ni asilimia 50, sawasawa na mlimani. Atakayesoma namba hiyo peke yake atasema vitongoji vinalingana, na atagawa misaada nusu kwa nusu.

Pengo la umaskini linasema jambo jingine. Kwa kila kaya maskini, chukua upungufu wa matumizi, ugawanye kwa mstari, kisha uzidishe kwa idadi ya watu wa kaya. Kaya isiyo maskini huandikiwa sifuri. Jumlisha, kisha gawanya kwa watu wote wa kitongoji, maskini na wasio maskini pamoja.

Mlimani, kaya A ina upungufu wa 0.108 kwa watu 6, na kaya B ina 0.067 kwa watu 7. Jumla ikigawanywa kwa 26 ni 0.043, yaani asilimia 4.3. Ziwani, kaya F ina upungufu wa 0.453 kwa watu 8, na G ina 0.290 kwa watu 5. Jumla ikigawanywa kwa 26 ni 0.195, yaani asilimia 19.5. Umaskini wa ziwani una kina kinachozidi mara nne kile cha mlimani, ingawa idadi ya maskini ni ile ile.

Ukitaka kujua hali ya maskini mwenyewe wa wastani, gawanya pengo kwa uwiano. Mlimani maskini amepungukiwa asilimia 8.6 ya mstari. Ziwani amepungukiwa asilimia 39. Kwa njia hiyo hiyo, namba za taifa za 2017-18, pengo la 6.2 likigawanywa kwa uwiano wa 26.4, zinaonesha kwamba maskini wa wastani alikuwa amepungukiwa kiasi cha asilimia 23 hivi ya mstari.

Kwa ofisi yenye kompyuta, hesabu yote ni mistari miwili. Ikiwa safu B ina idadi ya watu na safu C ina matumizi ya mtu mzima, kwa kaya kumi zilizotajwa:

```
=SUMPRODUCT(B2:B11*(C2:C11<49320))/SUM(B2:B11)
=SUMPRODUCT(B2:B11*(C2:C11<49320)*(49320-C2:C11)/49320)/SUM(B2:B11)
```

Mstari wa kwanza unatoa uwiano, nao utakuwa 0.50. Wa pili unatoa pengo la vitongoji vyote viwili, nalo litakuwa 0.119. Sharti la `C2:C11<49320` katika mstari wa pili lisiachwe. Likiachwa, ziada ya kaya E na J hufuta upungufu wa kaya A na F, kana kwamba tajiri wa kitongoji amemgawia jirani yake. Kwa kitongoji cha mlimani jibu lingetoka hasi. Pengo la umaskini haliwezi kuwa hasi. Anayeliona limekuwa hasi ajue ni sharti hilo limesahaulika.

Mnyauko ambao uwiano hauuoni

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba unafahamika vyema Muleba na Bukoba. Chukulia umeingia katika kibanja cha kaya A, na badala ya mikungu 5 kwa siku 14, kaya sasa inapata mkungu 1. Thamani ya ndizi inashuka kutoka shilingi 60,000 hadi 12,000 kwa mwezi. Ikiwa kaya haikupata namna ya kuziba upungufu huo, matumizi ya mtu mzima yanashuka kutoka 44,000 hadi 33,381. Kaya imevuka kwenda chini ya mstari wa chakula.

Na uwiano wa maskini wa kitongoji? Bado ni asilimia 50. Kaya A ilikuwa maskini jana na ni maskini leo, kwa hiyo hakuna aliyeongezeka katika hesabu. Taarifa ya mwaka ya kata ingeandika kuwa hali haikubadilika, wakati bibi wa miaka 62 na wajukuu watatu wanapunguza mlo. Pengo la umaskini la kitongoji, hata hivyo, limepanda kutoka asilimia 4.3 hadi 9.3. Kipimo kimoja kimenyamaza, na kingine kimepanda zaidi ya maradufu.

Shilingi 45,000 zipelekwe wapi

Suala hili hugeuka kuwa uamuzi pale fedha inapokuwa ndogo. Irudiwe hali ya kabla ya mnyauko, na ichukuliwe kuwa vitongoji viwili vimepata shilingi 45,000 kwa mwezi za kusaidia kaya. Kaya A inahitaji shilingi 24,046 ili ifike kwenye mstari. Kaya B, ikiwa na uzito wa watu wazima 5.5, inahitaji shilingi 18,260. Jumla ni shilingi 42,306, na fedha inatosha. Watu 13 wanatoka katika umaskini, na uwiano wa vitongoji vyote viwili unashuka kutoka asilimia 50 hadi 25. Hayo ni matokeo ambayo mtu yeyote angependa kuyasoma mbele ya kikao.

Njia ya pili ni kuipa kaya F shilingi zote 45,000. Ikiwa ina uzito wa watu wazima 6.0, kila mmoja anapata nyongeza ya shilingi 7,500, na matumizi yanapanda kutoka 27,000 hadi 34,500. Watu 8 wamevuka mstari wa chakula. Lakini hawajafika kwenye mstari wa mahitaji ya msingi, hivyo uwiano unabaki asilimia 50. Anayepimwa kwa uwiano peke yake ataonekana ametumia fedha bila matokeo.

Uwiano, basi, humvuta mtendaji awaendee maskini waliokaribia mstari na kuwaacha walio chini kabisa. Huu ndio udhaifu ambao mwanauchumi Amartya Sen aliubainisha mwaka 1976. Mwaka 1984 James Foster, Joel Greer na Erik Thorbecke walichapisha familia ya vipimo ambayo uwiano na pengo ni wanachama wake wawili wa kwanza, na mfano walioutumia kuonesha vipimo hivyo ulitoka kwa kaya za jijini Nairobi.

Je, pengo linaponya udhaifu huo? Kwa sehemu tu. Katika njia ya kwanza, pengo la vitongoji viwili linashuka kutoka asilimia 11.9 hadi 9.8. Katika njia ya pili linashuka hadi 9.6. Namba hizo zinakaribiana, na sababu yake inaeleweka: pengo huhesabu kila shilingi kwa thamani moja, iwe imeingia katika kaya iliyopungukiwa kidogo au iliyopungukiwa karibu nusu. Halimwadhibu mtendaji aliyekwenda ziwani, lakini pia halimtuzi.

Anayetaka kipimo kinachomtanguliza aliye chini zaidi huchukua upungufu wa kila kaya na kuuzidisha kwa wenyewe kabla ya kujumlisha, ili upungufu mkubwa upate uzito mkubwa. Kwa kipimo hicho cha tatu, vitongoji vilianza na asilimia 4.2. Njia ya kwanza inakishusha hadi 4.0, na ya pili hadi 2.4. Hapo ndipo tofauti kati ya kuisaidia kaya A na B au kaya F inapoonekana katika namba.

Namba hizi zisibebeshwe zaidi ya uwezo wao

Yapo mambo mawili ambayo mtendaji anapaswa kuyajua kabla ya kuitaja asilimia yoyote katika kikao.

La kwanza ni ukubwa wa sampuli. Utafiti wa 2017-18 ulichagua kaya 9,552 katika maeneo 796 ya kuhesabia watu. Maeneo hayo yakigawanywa kwa mikoa 26 ya Tanzania Bara ni kama 30 kwa mkoa. Kagera ina halmashauri 8, hivyo kwa wastani mgawo wa halmashauri moja haufiki maeneo 4. Maeneo matatu au manne hayawezi kusema habari za Muleba yote, yenye milima, tambarare na visiwa. Ndiyo maana takwimu za utafiti huo hutolewa hadi ngazi ya mkoa, na makadirio ya wilaya hupatikana kwa kuunganisha utafiti na sensa ya watu na makazi. Anayepewa asilimia ya wilaya aulize imepatikana kwa njia ipi, na ina kiasi gani cha kukosea.

La pili ni namna swali lilivyoulizwa. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waligawa kaya zipatazo 4,000 nchini, zikiwamo za mkoa wa Kagera, katika makundi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na kila kundi likaulizwa matumizi kwa mojawapo ya njia 8. Wengine walijaza shajara, wengine walikumbuka siku 7 au 14, wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula na wengine fupi. Watu walikuwa wa aina moja na mstari ulikuwa mmoja, lakini uwiano wa maskini ulitofautiana kwa zaidi ya pointi 10 za asilimia kati ya njia moja na nyingine. Kwa hiyo tafiti mbili za miaka tofauti zisilinganishwe mpaka ijulikane kuwa shajara, muda na orodha vilikuwa vile vile. Vinginevyo kushuka kwa umaskini kunaweza kuwa kumetokana na dodoso.

Utafiti ulioanza Kagera mwaka 1991 una funzo lake pia. Watafiti walipowafuata waliohama, waligundua kuwa kuhama kuliongeza pointi 36 za asilimia katika ukuaji wa matumizi kati ya ziara ya kwanza na ile ya 2004, wakilinganishwa na ndugu zao wa kaya moja waliobaki. Lau wangehesabu waliobaki kijijini tu, wangeona sehemu moja ya habari. Kwa mtendaji wa kata maana yake ni kwamba namba ya kijiji hueleza waliopo siku ya hesabu. Haielezi waliokwenda, na wala haielezi kama waliopo ni wale wale wa miaka mitano iliyopita.

Ndugu washiriki, mtakapokwenda kata zenu na kuombwa kiwango cha umaskini, msitoe namba moja. Andikeni uwiano na pengo lake pembeni, mkitaja mstari uliotumika, mwaka wa bei, na kama mmehesabu watu au kaya. Kisha fungueni tena daftari la mdadisi, mwone kama mikungu ya ndizi imeandikwa.